Kitunza nywila kinapokusemesha kwa Kiingereza: ni nani anayesema, na anausemea mlango upi

Jioni moja mama mwenye duka la khanga na vitenge katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, hapa jijini Tanga, aliweka simu yake juu ya meza ya kupimia vitambaa, akaisukuma upande wangu, akaniambia, “Mwanangu, hebu nisomee. Juzi kilinitisha, jana kikanyamaza nikashukuru, na leo kinanikataa.” Kwenye kioo palikuwa na maneno mawili yenye rangi nyekundu, “Wrong password”, yaani nywila uliyoingiza siyo. Tovuti iliyokuwa ikimkataa ni ya muuza jumla wa Kariakoo, ambako yeye huagiza mzigo kila baada ya wiki mbili, na mzigo wa safari hiyo ulikuwa haujaagizwa.

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo. Juzi yake, alipoingia kwenye tovuti hiyo kama kawaida, kivinjari cha Chrome kilimletea kijisanduku chenye kichwa “Change your password” na, chini yake, sentensi “The password you just used was found in a data breach.” Kijana wa dukani alilitafuta neno “breach” katika kamusi, akapata uvunjaji, na mama akaelewa kwamba simu imevunjwa na fedha alizoweka kwenye laini zimo hatarini. Usiku huo mpwa wake alifungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa ndani ya simu, akakuta majina manne ya tovuti chini ya kichwa “Compromised passwords”, akachagua lile la Kariakoo, akabonyeza “Edit”, akaandika nywila mpya ndefu, kisha akabonyeza “Save”. Jina lile likaondoka kwenye orodha ya maonyo papo hapo. Siku ya tatu mama alipotaka kuingia, simu ilimjazia ile nywila mpya, na tovuti ikaikataa.

Hapakuwa na mzembe katika kisa hiki. Kijana alisoma kamusi, mpwa alifuata vitufe, na mama alitii onyo. Walichokikosa ni kujua kila sentensi inatoka kwa nani na inahusu mlango upi, na hilo kamusi haiwezi kumwambia mtu, kwa sababu maneno yale yale “save”, “change” na “update” hutumiwa na tovuti na hutumiwa pia na kitunza nywila, kila kimoja kikiwa na maana yake.

Fungo la funguo na kitasa cha mlango

Kitunza nywila ni programu inayokuwekea majina ya kuingilia na nywila za tovuti mbalimbali, ili usilazimike kuzikariri. Wengi wanacho bila kujua, maana kile cha Google huja pamoja na Chrome na pamoja na simu nyingi za Android. Wengine hupakua programu ya pembeni, kama Bitwarden. Anayependa anaweza kuiweka simu na Chrome katika Kiswahili, ambako nywila itaitwa nenosiri, lakini simu nyingi hununuliwa zikiwa katika Kiingereza na hubaki hivyo, na hata ukiibadili simu, tovuti yenyewe itaendelea kuzungumza lugha ya mwenyewe.

Kwa kuwa mama huyu hutembea na fungo la funguo za duka, za stoo na za nyumba, nilimweleza kwa fungo hilo. Tovuti ni mlango, na kitasa chake kiko kwenye kompyuta za mwenye tovuti. Kitunza nywila ni fungo, na kilichomo ni nakala tu ya ufunguo. Ukiuchonga ufunguo wako upya ukiwa nyumbani, kitasa cha dukani hakina habari. Hivyo ndivyo alivyofanya mpwa: “Edit” aliyoibonyeza ilikuwa ya kwenye fungo, na “Save” iliyofuata ikahifadhi ufunguo ambao haujawahi kuwa na kitasa popote duniani.

Kutoweka kwa onyo ndiko kulikowapumbaza, nami naona hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko pengine pote katika jambo hili. Kitunza nywila hulinganisha nywila iliyoandikwa kwenye fungo na orodha ya nywila zilizovuja. Kilipokuta neno jipya ambalo halimo katika orodha, kiliondoa onyo, na kwa upande wake kilikuwa sahihi kabisa. Lakini mlangoni kitasa kilikuwa bado kinafunguka kwa nywila ile ile iliyovuja. Mama aliamka salama kwa mujibu wa simu yake, ilhali mwizi mwenye nywila ya zamani angeingia, na mwenye duka ndiye pekee aliyefungiwa nje.

Ukilishika hilo, vijisanduku vingine vinasomeka. “Save password?” ni swali la kitunza nywila, nalo huuliza kama kitie nakala kwenye fungo, halithibitishi kwamba uliyoandika ni sahihi, na mara nyingine huulizwa hata pale ulipokosea herufi, kwa hiyo ni vema kutazama kwanza kama umeingia ndipo ukubali. Jibu la “Not now” huahirisha tu, ila “Never” hukiagiza kitunza nywila kisiulize tena kuhusu tovuti hiyo, na wanaoibonyeza kwa haraka hushangaa baadaye kwa nini tovuti moja tu haihifadhiwi. “Update password?” nayo husema kwamba nywila uliyoandika sasa hivi haifanani na iliyo kwenye fungo, na kuuliza kama ya zamani ibadilishwe, haibadilishi chochote kwenye tovuti. Bali maneno “Change password” yakiwa ndani ya ukurasa wa tovuti, hasa yanapofuatana na visanduku vitatu vya “Current password”, “New password” na “Confirm new password”, hapo ndipo kitasa chenyewe kinapobadilishwa, kwa kuthibitisha kwanza nywila ya sasa, kisha kuandika mpya mara mbili.

Kujaza kwenyewe, na ukimya wenye maana

Neno “Autofill” maana yake ni kujaza kiotomatiki: unapofika penye kisanduku cha nywila, programu hukuletea jina na nywila bila wewe kuandika. Unapoiwasha kwa mara ya kwanza, Android hutoa tahadhari inayoanza na “Make sure you trust this app” na kuendelea kueleza kwamba programu hiyo hutumia kilichopo kwenye kioo chako ili kujua kipi kinaweza kujazwa. Nimeona watu wakirudi nyuma hapo wakidhani wameshanaswa na wapelelezi. Tahadhari ni ya kweli, maana programu haiwezi kujaza kisanduku isichokiona, na ndiyo sababu nafasi hiyo upewe mtunzaji mmoja unayemwamini, wala si programu yoyote iliyojileta kwa tangazo. Lakini si habari kwamba umeshaingiliwa.

Jambo la kulizingatia ni namna programu inavyoamua ijaze nini. Mwanadamu hutambua tovuti kwa rangi, nembo na sura ya ukurasa. Kitunza nywila hakitazami hata kimoja kati ya hivyo; hutazama anwani. Tuseme nywila imehifadhiwa kwa ajili ya mfano.co.tz. Ukifika kwenye ingia.mfano.co.tz, kwa kawaida kitakuletea nywila hiyo, kwa kuwa ni chumba ndani ya nyumba ile ile. Ukifika kwenye mfano.co.tz.ingia.example, hakitakuletea, hata kama ukurasa umechorwa ufanane na ule wa kweli mpaka kwenye nukta, kwa sababu nyumba yenyewe hapo ni ingia.example, na maneno yanayotangulia mwenye nyumba hiyo anaweza kuyabandika atakavyo. Anwani husomwa kutoka mkono wa kulia, kuanzia kabla ya alama ya mkwaju “/” ya kwanza inayofuata jina la tovuti, kurudi kushoto; na kwa anwani zetu zinazoishia .co.tz au .go.tz, mwenye nyumba hutajwa na sehemu tatu za mwisho zikiwa pamoja.

Kwa hiyo kitunza nywila kinaponyamaza mahali ambapo siku zote hujaza, ukimya huo ni ujumbe, nao hauna lugha ngeni ndani yake. Si lazima uwe ujumbe wa wizi. Fungo linaweza kuwa limefungwa, na hapo utaona “Your vault is locked” au ombi la kulifungua kwa kidole. Mwenye tovuti anaweza kuwa amehamishia mlango wa kuingilia kwenye anwani mpya, au ameunda visanduku vyake kwa namna ambayo programu haivitambui. Njia ya kutofautisha ni kujaribu tovuti nyingine unayoijua: ikiwa huko inajaza vizuri, basi fungo liko wazi, na tatizo liko kwenye ukurasa ulio mbele yako. Hapo isome anwani yote kutoka kulia. Ikiwa ulifika kwa kubonyeza kiungo katika ujumbe mfupi au kundi la mazungumzo, uache ukurasa huo na uende kwenye tovuti kwa kuiandika mwenyewe.

Kinachoharibu kinga hii ni mkono wa mwenye simu. Mtu akiona haijazi, huenda kwenye orodha, akanakili nywila, akaja kuibandika mwenyewe kwenye kisanduku. Mara nyingi hakuna ubaya, ila ikiwa ukurasa ni wa kitapeli, atakuwa amempelekea tapeli ufunguo ambao programu ilikataa kumpa.

Nywila kuu ni ya fungo lenyewe

“Master password” ni nywila kuu, nayo hufungua fungo, si tovuti yoyote. Kwenye kivinjari cha Firefox iliitwa kwa jina hilo mpaka mwaka 2020, ilipobadilishwa kuwa “Primary Password”. Kitu ni kile kile. Si namba ya siri ya laini ya fedha, si nywila ya baruapepe, wala si mchoro wa kufungulia simu, na haipaswi kufanana na chochote kati ya hivyo.

Katika programu kama Bitwarden, unapofungua akaunti hukuta onyo hili: “Your master password cannot be recovered if you forget it!” Maana yake ni kwamba ukiisahau haiwezi kurejeshwa, nalo si la kutishia watumiaji. Nywila kuu haitumwi kwa kampuni ikahifadhiwa kama ilivyo. Simu yako huipitisha kwenye hesabu nzito, ambayo kwa mpangilio wa kawaida wa Bitwarden hurudiwa mara 600,000, ili kupata ufunguo wa kufumbia orodha yako, yaani kuigeuza isisomeke na asiye na ufunguo huo; kinachotunzwa kwenye kompyuta za kampuni ni orodha iliyokwisha kufumbwa. Wakikwambia hawawezi kukusaidia kuifungua, ni kweli hawawezi, na kutoweza kwao ndiko kunakokulinda siku kampuni yenyewe inapoibiwa. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, kitunza nywila kingine. Nywila zilizokuwa ndani zilikuwa zimefumbwa, ingawa anwani za tovuti hazikufumbwa, na kuanzia hapo usalama wa kila mteja ulitegemea nywila kuu aliyojichagulia: fupi na ya kukisiwa, mwizi angeweza kuijaribujaribu nyumbani kwake bila mtu wa kumzuia, ndefu, angechoka.

Bitwarden hudai herufi zisizopungua 12. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinatupa wepesi hapa, maana maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, hutoa nywila ndefu inayokaa kichwani, ilimradi lisiwe fumbo, methali au mstari wa wimbo ambao kila mtu anaujua. Utaombwa pia “Master password hint”, yaani kidokezo cha kukukumbusha. Kidokezo hicho hutumwa kwenye baruapepe yako ukikiomba, na nimewahi kukuta mtu aliyeandika humo nywila kuu yenyewe nzima, akidhani kisanduku kinamtaka airudie.

Tatizo linalowapata wengi huja polepole. Baada ya siku ya kwanza, mtu huweka alama ya kidole, na kwa miezi mingi hufungua fungo kwa kidole tu. Kisha hununua simu mpya, au anamwongezea mwanawe alama ya kidole kwenye simu ile ile, na programu nyingi hapo hukataa kidole na kudai nywila kuu tena, kwa kuwa haziwezi kujua kidole kilichoongezwa ni cha nani. Mtu anakodoa macho kwenye “Enter your master password” na hana la kuandika. Kuiandika kwa mkono mara moja kila wiki mbili kunatosha kuitunza kichwani, na nakala moja ya karatasi ndani ya kasha la nyaraka za nyumba si aibu, maana tapeli wa mtandaoni hafiki kwenye kasha.

Mama wa Ngamiani anatumia kitunza nywila cha Google peke yake, na hicho hakina nywila kuu ya namna hiyo. Hulindwa na akaunti ya Google pamoja na kufuli la simu. Nilimweleza kwamba ukurasa wowote utakaomwomba “master password” hauna haki ya kupata jibu kutoka kwake, kwa sababu kitu hicho hana. Alilikariri hilo upesi kuliko mengine yote.

Onyo la uvujaji lasema nini, na halisemi nini

Turudi kwenye ile sentensi iliyoanzisha mambo: “The password you just used was found in a data breach.” Ukiisoma kwa utulivu utaona inasema habari za nywila, haisemi habari za akaunti, wala simu, wala fedha. “Data breach” ni uvujaji wa data: wezi wameingia kwenye kompyuta za kampuni fulani, wakachukua orodha ya wateja na nywila zao, na orodha hiyo baadaye ikasambaa. “Was found” ni kwamba nywila yenye herufi kama hizi imekutwa ndani ya mojawapo ya orodha hizo. Sentensi haikutaji wewe kuwa ndiye uliyeibiwa. Yawezekana imevuja kutoka tovuti nyingine uliyoisahau, ambako ulitumia nywila ile ile. Yawezekana pia mtu mwingine kabisa, asiyekujua, alichagua neno kama lako na likavuja kwake. Nywila ya mama ilikuwa jina la mwanawe wa kwanza likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa, na majina kama hayo wanayo watu wengi.

Hata hivyo, kuwa si yako iliyovuja hakuifanyi nywila iwe salama. Wezi hukusanya orodha hizo na kuagiza kompyuta zijaribu kila nywila kwenye tovuti moja baada ya nyingine. Wala orodha haizeeki upesi. LinkedIn iliibiwa mwaka 2012, na mwanzoni zilionekana nywila zipatazo milioni 6.5, zikiwa katika umbo la kufichwa; mwaka 2016 ndipo zilipojitokeza nyingine zilizozidi milioni 100 kutokana na wizi ule ule. Aliyeibiwa 2012 angeweza kukaa miaka minne bila onyo lolote. Kwa sababu hiyo, kutokuwepo kwa onyo kuna maana moja tu, kwamba nywila haijaonekana katika orodha zinazojulikana hadi leo.

Watu huniuliza, na swali ni zuri: programu imejuaje kwamba nywila yangu imo kwenye orodha, kama haikuipeleka kwa mtu? Kuna zaidi ya njia moja, lakini iliyo rahisi kuieleza ni ya huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, ambayo Bitwarden huitumia. Nywila hupitishwa kwenye hesabu ya upande mmoja inayotoa alama ya herufi na tarakimu 40. Ukiwa na nywila utapata alama, ila alama haikurudishi moja kwa moja kwenye nywila. Kwenye kompyuta ya Linux unaweza kulishuhudia kwa neno ambalo nalo ni nywila mbovu sana:

```
printf 'password' | sha1sum
5baa61e4c9b93f3f0682250b6cf8331b7ee68fd8  -
```

Programu haitumi alama yote. Hutuma herufi na tarakimu 5 za mwanzo tu, hapa ni 5baa6, na huduma hurudisha mikia yote ya alama zilizovuja zinazoanza hivyo, ambayo hufika mamia au zaidi. Simu yako ndiyo inayotafuta, ndani yake yenyewe, kama mkia wa alama yako umo. Vianzio vya namna hiyo viko 1,048,576, kwa hiyo anayekipokea hujua tu kwamba nywila yako iko katika kapu moja kati ya makapu zaidi ya milioni moja, na katika kapu hilo hajui ni ipi, wala hajui kama imo.

Chini ya orodha ya “Compromised passwords” kwa kawaida hufuata mbili nyingine. “Reused passwords” ni nywila moja iliyotumiwa katika milango kadhaa, na “Weak passwords” ni nywila dhaifu, rahisi kukisiwa. Hazina uzito sawa. Iliyovuja huanza, na kati ya zilizovuja hutangulia ile ya baruapepe, kwa kuwa anayeshika baruapepe yako anaweza kuomba nywila mpya za milango mingine yote. Iliyorudiwa hufuata. Dhaifu inayofungua tovuti ya mapishi inaweza kungoja.

Kuna pia onyo la bandia, na lugha yake ni ile ile. Ukurasa hufunguka ghafla, umejaa nyekundu, ukidai nywila zako zimevuja na kukutaka uandike nywila ya sasa ili ikaguliwe, au upige namba fulani. Onyo la kweli la kitunza nywila halikuombi uliandikie nywila, maana tayari kinayo, na halikupi namba ya kupiga. Kipimo cha uhakika ni kuufunga ukurasa huo, kisha kwenda mwenyewe kwenye passwords.google.com au, kwa aliye kwenye kompyuta, kuandika chrome://password-manager/checkup katika sehemu ya anwani ya Chrome. Onyo la kweli utalikuta limeandikwa huko; la bandia halitakuwepo.

Jinsi tulivyofungua mlango wa Kariakoo

Pale dukani kitasa kilikuwa bado kinaijua nywila ya zamani, na bahati ni kwamba mama hakuwa ameisahau. Aliiandika kwa mkono akifuta ile iliyojazwa, na tovuti ikampokea. Chrome ikauliza papo hapo “Update password?”, kwa sababu aliyoandika ilitofautiana na iliyo kwenye fungo. Tulijibu “Not now”, kwani hatukutaka kurudisha neno lililovuja.

Kisha tukaingia kwenye ukurasa wa akaunti yake ndani ya tovuti, tukafungua “Change password”. Katika “Current password” aliandika ya zamani. Alipogusa “New password”, Chrome ilipendekeza nywila ngumu ya kubahatisha, naye akaikubali. Tovuti ikarudisha maneno mekundu kwamba nywila lazima iwe na alama maalumu, na hapa ni mtego mwingine: kitunza nywila kilikwisha kuiweka ile iliyopendekezwa kwenye fungo, ilhali mlango ulikuwa umeikataa. Kama tungefunga simu wakati huo, tungerudi pale pale tulipoanzia. Tuliongeza alama ya mshangao mwishoni, katika kisanduku cha pili na cha tatu, tukatuma tena, tukasubiri mpaka tovuti ikaandika kwamba nywila imebadilishwa. Ndipo swali la “Update password?” lilipokuja mara ya pili, na safari hii jibu lilikuwa “Update”.

Sikuridhika mpaka tulipotoka na kuingia upya. Simu ilijaza, mlango ukafunguka, na mama akaagiza majora yake kabla ya swala ya Magharibi. Majina matatu yaliyobaki chini ya “Compromised passwords” yalikuwa yanatumia jina lile lile la mwanawe. Mawili tuliyabadilisha kwa utaratibu huo huo, mlango kwanza na fungo baadaye. La tatu lilikuwa la tovuti ya matangazo ambayo anwani yake haifunguki tena. Hilo tulilifuta kwenye fungo, kwa kuwa mlango wake haupo.